Kukokotoa NRR na GRR, na maana ya asilimia inayozidi mia moja

Wiki haipiti bila mtu kunitumia faili la Eksel lenye swali lile lile: "NRR yangu imetoka asilimia 118 na GRR imetoka 104, nimekosea wapi?" Tarakimu hizi mbili hupima ni sehemu gani ya mapato ya wateja wa mwaka jana ambayo bado inalipwa leo. Kosa la aliyeuliza huonekana kabla faili halijafunguliwa, kwa sababu GRR haiwezi kuzidi mia moja kwa hali yoyote ile. Swali gumu ni lile ambalo hakuuliza, yaani hiyo 118 inamwambia nini kuhusu biashara yake, na inamficha nini. Mwongozo huu nimeuandika kwa wanaouza huduma inayolipiwa kila mwezi au kila mwaka, hasa programu za kompyuta, na ambao wametakiwa na mwekezaji, benki au bodi yao kutoa tarakimu hizi mbili kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo moja la lugha ambalo huwachanganya hata wahasibu wazoefu. NRR ni kiwango halisi cha mapato yanayobaki, na GRR ni kiwango ghafi cha mapato yanayobaki. Sisi tumezoea kwamba mshahara ghafi ni mkubwa kuliko mshahara halisi, na kwamba faida ghafi hupungua hadi ikawa faida halisi. Hapa mambo yamegeuka. GRR inahesabu kilichopotea tu na haitambui ongezeko lolote, ilhali NRR inahesabu kilichopotea kisha inarudishia kile ambacho wateja wale wale wameongeza. Kwa hiyo NRR siku zote ni sawa na GRR au kubwa kuliko GRR. Ukishalishika hilo, nusu ya makosa utayagundua wewe mwenyewe kwa kutazama tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na orodha ya ankara zote za miezi 13 iliyopita, kwa maana ya mwezi wa leo na mwezi kama huo mwaka jana pamoja na yote iliyo katikati. Kila mteja awe na namba yake ya kudumu ambayo haibadiliki hata akibadilisha jina la biashara au namba ya simu. Uwe na Eksel au lahajedwali nyingine yoyote. Mwisho, umtafute mtu wa huduma kwa wateja anayeweza kukuambia nani aliondoka kweli na nani amechelewa tu kulipa, kwa sababu mfumo wa ankara haujui tofauti hiyo.

Mfano nitakaoutumia ni wa kampuni ndogo ya Nairobi niliyoitunga kwa ajili ya somo hili. Inauza mfumo wa mauzo na stoo kwa maduka ya dawa, kwa ada ya shilingi 4,000 kwa kila tawi kwa mwezi. Juni 2024 ilikuwa na wateja 12, na ada zao za mwezi huo zilifika shilingi 200,000.

Hatua ya 1: Amua mteja ni nani

Duka la dawa lenye matawi sita ni mteja mmoja au ni wateja sita? Andika jibu lako kabla hujagusa hesabu, kwa sababu jibu hilo linabadilisha tarakimu zote mbili. Ukihesabu tawi kuwa mteja, basi tawi la saba likifunguliwa litaonekana kuwa mteja mpya na halitaingia kwenye NRR kabisa, na tawi moja likifungwa litaonekana kuwa mteja aliyeondoka. Ukimhesabu mmiliki kuwa mteja, tawi la saba ni ongezeko la mteja wa zamani, na tawi lililofungwa ni punguzo. Na mmiliki akifunga tawi moja na kufungua lingine katika mwaka huo huo, GRR yako haitaona chochote.

Mimi hupendekeza mteja awe yule anayeamua kulipa au kutolipa, ambaye kwa maduka ya dawa ni mmiliki. La muhimu zaidi ni kutobadilisha uamuzi huo kati ya robo moja ya mwaka na nyingine.

Hatua ya 2: Safisha mapato yabaki yale yanayojirudia

Katika kila ankara, toa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Kenya ni asilimia 16, kwa kuwa hizo ni fedha za serikali zinazopita tu mikononi mwako. Toa pia malipo ya mara moja: ada ya kufunga mfumo, mafunzo ya wahudumu, printa ya risiti na kisoma msimbo. Aliyelipa mwaka mzima kwa mkupuo, gawanya malipo yake kwa 12 na umwandikie sehemu hiyo kila mwezi.

Jihadhari na tarehe. Wateja wengi wadogo hulipa kwa M-Pesa wanapokumbuka au wanapokatiwa huduma, na mtu aliyelipia ada ya Juni tarehe 3 Julai atasomeka kana kwamba Juni hakuwepo. Andika mapato kwa mwezi ambao huduma ilitolewa, usiandike kwa mwezi ambao fedha ziliingia. Weka na muda wa kungoja, kwa mfano siku 30, ambao mteja akiupita bila kulipa wala kutumia mfumo ahesabiwe kuwa ameondoka. Hapa ndipo yule mtu wa huduma kwa wateja anapohitajika.

Hatua ya 3: Funga kundi la mwanzo

Chukua mwezi ulio miezi 12 nyuma na uandike kila mteja aliyekuwa analipa mwezi huo pamoja na ada yake. Hilo ndilo kundi la mwanzo, na tangu sasa limefungwa. Hakuna anayeongezwa, na hakuna anayetolewa hata kama biashara yake imekufa. Kisha mbele ya kila jina andika anacholipa sasa, na aliyeondoka mwandikie sifuri. Usimfute.

Kwa kampuni yetu ya mfano, jedwali linakuwa hivi:

| Mteja | Juni 2024 | Juni 2025 |
|---|---|---|
| 01 | 80,000 | 160,000 |
| 02 | 24,000 | 24,000 |
| 03 | 20,000 | 24,000 |
| 04 | 16,000 | 16,000 |
| 05 | 16,000 | 12,000 |
| 06 | 12,000 | 0 |
| 07 | 8,000 | 8,000 |
| 08 | 8,000 | 0 |
| 09 | 4,000 | 4,000 |
| 10 | 4,000 | 0 |
| 11 | 4,000 | 4,000 |
| 12 | 4,000 | 0 |
| 13 | 0 | 12,000 |

Mteja wa 13 alijiunga Februari 2025. Nimemwacha kwenye jedwali makusudi, kwa sababu katika faili halisi utamkuta hapo, na ni lazima fomula yako ijue kumruka.

Hatua ya 4: Kokotoa GRR, mteja kwa mteja

Kwa kila mteja chukua kilicho kidogo kati ya alichokuwa analipa na anacholipa sasa. Aliyepanda kutoka 80,000 hadi 160,000 anabaki na 80,000. Aliyeshuka kutoka 16,000 hadi 12,000 anabaki na 12,000. Aliyeondoka anabaki na sifuri. Ikiwa majina yako kwenye safu ya A, Juni 2024 kwenye B na Juni 2025 kwenye C, weka fomula hii kwenye D2 na uiburute hadi D14:

```
=MIN(B2,C2)
```

Kisha gawanya jumla kwa jumla:

```
=SUM(D2:D14)/SUM(B2:B14)
```

Jumla ya safu ya D ni 168,000. Ukiigawanya kwa 200,000 unapata GRR ya asilimia 84.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi kuliko yote liko hapa. Mtu anajumlisha kwanza wateja wote pamoja, anakuta kundi la mwanzo sasa linalipa 252,000 badala ya 200,000, anasema "hatukupoteza kitu", na anaandika GRR ya asilimia 100. Kwa njia hiyo ongezeko la mteja wa 01 linafunika kuondoka kwa wengine wanne, na hicho ndicho hasa GRR ilichobuniwa kukizuia. Kikomo huwekwa kwa kila mteja peke yake, kabla ya kujumlisha.

Hatua ya 5: Kokotoa NRR

Sasa unataka kila kinacholipwa leo na wale waliokuwa kwenye kundi la mwanzo, bila kikomo:

```
=SUMIF(B2:B14,">0",C2:C14)/SUM(B2:B14)
```

Sharti la `">0"` ndilo linalomruka mteja wa 13, kwa kuwa Juni 2024 hakuwa analipa chochote. Jumla inakuwa 252,000, na NRR ni asilimia 126.

Ukisahau sharti hilo, mteja mpya anaingia, jumla inakuwa 264,000 na NRR inapanda hadi 132. Najua, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo mimi mwenyewe katika kampuni niliyokuwa nikiitumikia, na taarifa ilikuwa tayari imetumwa kwa wajumbe wa bodi nilipogundua. Barua ya kusahihisha tarakimu iliyokwisha kusifiwa ni barua ngumu kuandika.

Kosa la pili ni kinyume chake, nalo ni la kimyakimya zaidi: mfumo wa ankara hufuta au huficha wateja waliofunga akaunti, hivyo unapotoa orodha leo wale wanne hawamo hata kwenye safu ya Juni 2024. Kigawanyo kinashuka hadi 172,000 na NRR inakuwa takriban asilimia 147. Hakuna seli inayowaka nyekundu, na fomula ni sahihi. Ili kujilinda, linganisha jumla ya safu ya B na taarifa ya mapato uliyoifunga wakati ule, Juni 2024, siyo na taarifa unayoitoa leo. Zikitofautiana, kuna watu wametoweka kwenye orodha.

Hatua ya 6: Ivunje asilimia 126 vipande vyake

Wengi huishia hatua ya 5, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Andika safari nzima kutoka Juni hadi Juni:

Tulianza na 200,000. Wateja walioondoka walichukua 28,000. Mteja aliyepunguza tawi alichukua 4,000. Waliobaki waliongeza 84,000. Tukafika 252,000.

Sasa soma upya maana ya asilimia 126. Inasema kwamba hata kama kampuni hii isingemuuzia mteja mpya hata mmoja kwa mwaka mzima, mapato yake ya mwezi kutoka kwa wateja wa zamani yangekuwa yamepanda kwa asilimia 26. Maana ya tarakimu inayozidi mia moja ni hiyo tu: ongezeko la waliobaki limezidi hasara ya walioondoka na waliopunguza. Haisemi kwamba wateja hawakuondoka. Hapa wameondoka wanne kati ya 12, yaani theluthi nzima. Haisemi kwamba wateja wanaridhika, wala haigusi faida, maana matawi yale mapya yanaweza kuwa yamepatikana kwa punguzo na kwa safari nyingi za mafundi ambazo hazimo kwenye hesabu hii.

Niliwahi kumwonyesha tarakimu ya namna hii dada mmoja wa huduma kwa wateja. Akaitazama, akaniuliza: "Sasa kaka, kama ni nzuri hivyo, mbona mimi asubuhi yote napokea simu za watu wanaofunga akaunti?" Yeye alikuwa anaiona GRR kwa masikio yake, na mimi nilikuwa nimemletea NRR.

Kisha uliza ongezeko limetoka kwa nani. Katika mfano wetu, shilingi 80,000 kati ya 84,000 zimetoka kwa mteja wa 01, aliyepanda kutoka matawi 20 hadi 40. Mtoe kwenye jedwali, huku na huku, uone kilichobaki: wateja 11 waliokuwa wanalipa 120,000 sasa wanalipa 92,000. NRR yao ni takriban asilimia 77, na GRR yao ni 73. Hizo ni biashara mbili zinazokaa kwenye ofisi moja. Ya kwanza ni mkataba na mnyororo mmoja wa maduka unaokua, na ya pili ni huduma kwa maduka madogo inayovuja. Tarakimu ya 126 ni wastani wa biashara hizo mbili na haielezi hata moja kati yake.

Jambo la namna hii limewapata wakubwa. Twilio, kampuni ya Marekani inayouza huduma ya kutuma ujumbe na kupiga simu kupitia programu za makampuni mengine, ilimaliza mwaka 2016 ikiwa na kiwango cha asilimia 155 kwa kipimo chake cha aina ya NRR. Mei 2017 ilitangaza kwamba Uber, mteja wake mkubwa kuliko wote, atapunguza matumizi. Kufikia robo ya mwisho ya mwaka 2017 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 118. Wateja wengine walikuwa bado wanaongeza, na kampuni haikuanguka. Ila aliyeisoma 155 kama tabia ya wateja wote alikuwa ameisoma vibaya.

Jaribio la mwisho katika hatua hii ni kuuliza kama ongezeko linaweza kurudiwa. Mnyororo wa maduka ya dawa uliofika matawi 40 hauongezi 40 mengine kila mwaka. Ongezeko likikauka, NRR hushuka na kukutana na GRR, na GRR ya 84 ikiendelea hivyo kila mwaka, kila shilingi 100 za leo zitakuwa takriban 50 baada ya miaka minne. Ndiyo maana mimi nikipewa tarakimu mbili huanza kusoma GRR. Kampuni yenye NRR ya 110 inayotokana na GRR ya 95 ina muda wa kufikiri, ilhali yenye 110 inayotokana na GRR ya 75 inalazimika kutafuta ongezeko la pointi 35 kila mwaka ili ibaki ilipo.

Hatua ya 7: Tenga bei na sarafu

Ongezeko hutoka kwenye mifereji mitatu: mteja kununua zaidi, wewe kupandisha bei, na sarafu kubadilika. NRR huyachanganya yote. Ukipandisha ada kutoka 4,000 hadi 4,400 na hakuna aliyeondoka, NRR inakuwa 110 bila mteja yeyote kutumia huduma zaidi. Si udanganyifu, kwa kuwa uwezo wa kupandisha bei bila kukimbiwa ni nguvu ya kweli. Lakini uandike kando, kwa sababu wateja wa mikataba ya mwaka hawaitikii bei mpya hadi siku ya kuhuisha mkataba, na kuondoka kwao kutaonekana mwaka unaofuata.

Sarafu ni hatari zaidi kwa wanaotoza kwa dola na kutoa taarifa kwa shilingi. Mwishoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 123 za Kenya, mwishoni mwa 2023 takriban 156, na mwishoni mwa 2024 takriban 129. Chukua mteja mmoja anayelipa dola 100 kwa mwezi bila kubadilika hata senti kwa miaka yote miwili. Kwa shilingi, alilipa 12,300, kisha 15,600, kisha 12,900. Mwaka wa kwanza NRR yake ni asilimia 127, na bodi inapiga makofi. Mwaka wa pili NRR na GRR zake zote ni 83, na bodi inamwita mkuu wa mauzo ajieleze. Mteja hakufanya lolote.

Dawa yake ni kukokotoa kwa sarafu iliyo kwenye mkataba. Kama una mikataba ya sarafu mbili, badilisha miezi yote miwili, wa mwanzo na wa sasa, kwa kiwango kimoja cha ubadilishaji ulichokichagua, kisha kiandike chini ya jedwali.

Hatua ya 8: Andika tarakimu pamoja na masharti yake

Usipeleke "NRR 126%" peke yake. Peleka sentensi kama hii: "Kwa wateja 12 waliokuwa wakilipa Juni 2024, NRR ya miezi 12 hadi Juni 2025 ni asilimia 126 na GRR ni 84, mteja ni mmiliki, si tawi, kodi na malipo ya mara moja hayamo, na ukimtoa mteja mkubwa kuliko wote, NRR ni 77 na GRR ni 73." Ni ndefu, lakini atakayeisoma hatakuwa na swali la kukupigia simu usiku.

Unaposoma tarakimu za wengine, tafuta masharti hayo hayo. Hakuna kanuni ya kihasibu inayoilazimisha kampuni kukokotoa NRR kwa namna moja, hivyo kila mmoja hujichagulia. Zoom ilipokwenda kwenye soko la hisa la Marekani mwaka 2019, ilitangaza kiwango cha asilimia 140, lakini kwa wateja wenye wafanyakazi zaidi ya 10 pekee, na iliandika hivyo waziwazi. Watu binafsi na biashara ndogo sana, ambao ndio huingia na kutoka haraka, hawakuwamo. Ukiilinganisha 140 hiyo na ya kwako iliyowabeba hadi wenye duka moja, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Tarakimu zikikataa

*GRR imezidi 100.* Umejumlisha bila kuweka kikomo kwa kila mteja, au kuna mistari ya safu ya D yenye ada ya sasa badala ya fomula ya `MIN`. Panga safu ya D ukiilinganisha na B. Hakuna mstari ambapo D inaruhusiwa kuwa kubwa kuliko B.

*NRR ni ndogo kuliko GRR.* Haiwezekani kihesabu, kwa hiyo vigawanyo vyako vinatofautiana. Mara nyingi GRR imekokotolewa kwa orodha isiyo na walioondoka, na NRR kwa orodha kamili.

*NRR na GRR zinalingana kabisa.* Inawezekana kweli hakuna aliyeongeza, lakini angalia kwanza kama idara ya mauzo inafungua akaunti mpya kila mteja wa zamani anapoongeza tawi. Muuzaji anayelipwa kamisheni kubwa kwa mteja mpya kuliko kwa ongezeko atafanya hivyo bila kuona kosa lolote.

*GRR imeshuka ghafla, na mwezi huo huo wateja wapya wamekuwa wengi.* Watu wale wale wamebadilishiwa namba, labda mlihamia mfumo mwingine wa ankara au biashara zilisajiliwa upya kwa jina la kampuni. Linganisha namba za simu na namba za mlipakodi kati ya walioondoka na walioingia, kisha uwaunganishe.

*NRR inayokokotolewa mwezi kwa mwezi hupaa kila Januari na kuanguka kila Februari.* Ankara za mwaka mzima zimeandikwa zote kwenye mwezi mmoja. Rudi hatua ya 2.

*Tarakimu ya mwezi ni nzuri, ya mwaka inatisha.* Hili mara nyingi si kosa. GRR ya asilimia 98 kwa mwezi, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe kwa miezi 12, inakuwa 78 na nusu kwa mwaka. Wala usishangae kama zao hilo halilingani sawasawa na GRR uliyoipata kwa kulinganisha Juni na Juni: mteja aliyeondoka Oktoba na kurudi Machi anahesabiwa kuwa amepotea katika hesabu ya kila mwezi, ilhali kwenye hesabu ya mwaka anaonekana kana kwamba hakuondoka kamwe. Chagua moja, uitaje kwa jina, na usizichanganye kwenye jedwali moja.